Skripti ya Kuongoza Kikundi kwa Miguu Dodoma Mjini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yanatoka kwa wenzangu wanaoanza kuongoza vikundi vya watembea kwa miguu hapa Dodoma. Mengi nimeulizwa zaidi ya mara moja. Mifano yote inatoka kwenye njia moja tu, ili uone kazi nzima ikifanyika mahali pamoja: tunaanza stesheni ya zamani ya reli, tunapita soko la Majengo, tunakwenda Jamatini, tunamalizia Nyerere Square.

## Msingi

1. Skripti ya matembezi ina tofauti gani na maelezo ya kawaida ya historia?

Maelezo ya kawaida yanaandikwa kwa msomaji aliyekaa. Skripti ya matembezi inaandikwa kwa mtu aliyesimama juani, anayepigiwa honi na bajaji, na mwenye simu mfukoni. Huyo hawezi kurudi nyuma kusoma sentensi aliyoikosa. Kwa hiyo kila kituo lazima kianze na kitu anachokiona kwa macho yake, kiendelee na kisa kimoja, na kimalizike kwa swali ambalo ataondoka nalo.

Nasema kisa kimoja, si vitatu. Kosa ninaloliona kila mara kwenye skripti za wanaoanza ni kurundika kila wanachokijua kwenye kituo cha kwanza, kwa sababu hapo ndipo wana hamu zaidi. Kikundi kikifika kituo cha pili kimeshashiba, na mwongozaji mwenyewe hana jipya la kusema.

2. Niweke vituo vingapi, na kila kimoja kichukue muda gani?

Kwa matembezi ya saa moja na nusu, vituo vinne vinatosha. Kituo kimoja dakika tano hadi saba za kuzungumza, zinazobaki ni za kutembea, kuvuka barabara, kununua maji na kusubiriana. Mimi nikiwa nje huongea maneno 100 hivi kwa dakika, kwa sababu lazima nipunguze mwendo ili wa nyuma wasikie. Hiyo maana yake kituo cha dakika tano hakibebi zaidi ya maneno 400, ukiacha nafasi ya majibu ya watu. Andika, hesabu, kata.

Usipime njia kwa mita. Itembee mwenyewe siku na saa ileile utakayoongoza, kwa mwendo wa mtu mwenye umri mkubwa kuliko wote unaowatarajia. Soko la Majengo siku ya shughuli nyingi halipitiki kama siku ya kawaida.

3. Niikariri neno kwa neno?

Hapana. Kariri vitu viwili tu kwa kila kituo: sentensi ya kwanza na swali la mwisho. Ya kwanza inakusaidia kuanza bila kubabaika, na ya mwisho inakuzuia kuzunguka bila kujua pa kuishia. Katikati ongea kwa maneno yako.

Kwenye karatasi yangu kila kituo kina alama za aina tatu pembeni: L kwa yale ya lazima, K kwa yanayofaa kikundi kikiwa na nguvu, na A kwa akiba, yaani kisa cha nusu dakika cha kujazia tukimsubiri mtu. Ukichelewa, unaruka K bila mtu kujua. Asiye na alama hizi akichelewa huongeza kasi ya kusema, na hapo anawapoteza wote.

4. Je, ninahitaji leseni?

Ukiongoza watalii kwa malipo, ndiyo. Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 inataka mwongoza watalii awe na leseni. Kuwazungusha wageni wa harusi ya dada yako ni jambo lingine.

## Alama na hadithi

5. Nachaguaje alama za kusimama?

Wengi huanza na orodha ya majengo maarufu, kisha wanatafuta pa kusimama. Fanya kinyume. Tafuta kwanza mahali ambapo watu kumi na watano wanaweza kusimama kwenye kivuli bila kuziba njia ya wapita njia wala mlango wa duka la mtu. Kisha jiulize: kutoka hapa, ni nini kinachoonekana? Alama isiyo na pa kusimama itaje mkiwa njiani.

Kigezo cha pili ni kwamba alama iwe na kitu cha kuzua swali. Jamatini ni mfano mzuri. Kila mkazi wa Dodoma amewahi kusema "nishushe Jamatini", lakini wengi hawajawahi kujiuliza neno lenyewe linatoka wapi. Linatoka kwa jamatkhana, nyumba ya ibada ya Waismailia. Hapo una mlango wa kuingilia kisa cha wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi waliofuata reli na kufungua maduka katika miji ya bara. Wenyeji wa kikundi ndio watakaoshangaa kuliko wageni, na hilo ni jambo zuri sana kulipata.

6. Naomba mfano wa kituo kizima, kuanzia sentensi ya kwanza.

Hiki ndicho kituo changu cha kwanza, pale stesheni ya zamani. Ninakiandika kama ninavyokisema, na maelezo yangu kati yake.

Ninaanza kwa salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi!", na kuwafundisha kuitikia "Mbukwa!" Tunarudia mpaka mtu wa nyuma kabisa asikike. Hii si mbwembwe. Nikimsikia wa nyuma, najua naye ananisikia.

"Tazameni reli hii. Mmoja wenu anyooshe mkono kuelekea Dar es Salaam. Mwingine kuelekea Kigoma." Hapa huwa kuna mabishano kidogo, nami nayaacha yaendelee. Watu wanaobishana wameshaingia kwenye matembezi. "Sasa iondoeni reli vichwani mwenu. Kabla yake, bidhaa zote zilipita hapa kichwani na begani kwa watu. Misafara ilitoka pwani, ikavuka Marenga Mkali, nchi kavu ambayo jina lake linatokana na maji machungu, ikaingia Ugogo ikiwa na kiu. Na watemi wa Ugogo walikuwa na kitu kimoja ambacho kila msafara ulikihitaji. Kipi?"

Karibu kila mara mtu hujibu: maji. "Maji, na ruhusa ya kupita. Bei yake iliitwa hongo. Ililipwa kwa vitambaa, shanga na nyaya za shaba. Sasa nyie ndio watemi. Kuna msafara wa watu mia tatu kisimani kwenu, na ukame umeanza. Mtawatoza nini? Zungumzeni na jirani yako kwa nusu dakika."

Ninawaacha. Kisha nasikiliza majibu mawili, hayazidi mawili, na kuendelea. "Neno hongo leo lina sura mbaya. Wakati ule ilikuwa kodi ya njia, na mtemi aliyeikubali alijifunga kuwapitisha salama. Halafu Wajerumani wakajenga reli. Mwaka 1907 waliuanzisha mji huu, na mwaka 1910 reli kutoka Dar es Salaam ikafika hapa tuliposimama. Mwaka 1914 ilikuwa Kigoma. Msafara haukuhitaji tena kisima cha mtu."

Halafu swali la kuondoka nalo: "Dodoma ni neno lililotoka kwenye Kigogo, idodomya, yaani imezama, imedidimia. Mji huu ni mkavu sehemu kubwa ya mwaka. Kwa nini mji mkavu uitwe jina la kitu kilichozama? Tembeeni na hilo. Jibu tutalipata tukifika kivuli kingine."

Ukihesabu hapo kuna miaka mitatu tu: 1907, 1910 na 1914. Kila mwaka una kitu kilichotokea mahali walipokanyaga, au mwisho wa reli waliyoinyooshea mkono.

7. Jina la Dodoma lina masimulizi zaidi ya moja. Nisimulie lipi?

Simulia yote mawili, na yaite masimulizi.

La kwanza ni la tembo. Alikwenda kunywa maji kwenye kijito cha Kikuyu, kilichoitwa hivyo kwa sababu ya mikuyu iliyoota kingoni. Akanasa kwenye tope na kuanza kuzama. Waliomwona wakapiga kelele: idodomya! La pili ni la ng'ombe. Wagogo waliteka ng'ombe wa Wahehe, majirani zao wa kusini, wakawala na kubakiza mikia. Wenyewe walipokuja kuwatafuta, walikuta mikia imechomekwa kwenye tope. "Ng'ombe wenu wamezama, idodomya."

Kabla ya kusimulia, mimi huita, "Hadithi, hadithi!" na kikundi kinajibu, "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Kiitikio hiki kina kazi mbili. Kinakusanya masikio haraka kuliko kupiga makofi, na kinawaambia watu waziwazi kwamba kinachofuata ni simulizi, lisipimwe kama cheti cha kuzaliwa. Ndiyo maana sikitumii kamwe kabla ya kueleza jambo lenye kumbukumbu, kama uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu Dodoma. Wasikilizaji wa Kiswahili wanaijua alama hiyo tangu utotoni. Ukiwaitisha "uongo njoo" kisha ukawaeleza historia ya Bunge, umewachanganya.

Baada ya masimulizi mawili, ninarudi kwenye swali walilotembea nalo. Mvua za Dodoma ni kiasi cha milimita 570 kwa mwaka, na karibu zote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Maji hukimbilia mabondeni, kwenye udongo mzito wa mfinyanzi. Kwingine kukikauka, pale bondeni tope bado lipo, na kila chenye kiu, awe tembo au ng'ombe, lazima ashuke hapo. Kwa hiyo ni ukavu wenyewe unaomleta mnyama kwenye tope. Masimulizi yanatofautiana juu ya nani aliyezama, lakini yote mawili yanaijua vizuri nchi hii.

Angalizo: kabla ya simulizi la ng'ombe, uliza kama kuna Mhehe kikundini. Akiwepo, msimulie yeye, umtazame, kisha mpe nafasi ya kujibu. Mara nyingi jibu lake ndilo litakalokumbukwa.

8. Historia ya makao makuu ina tarehe nyingi. Nizitajeje bila kuchosha?

Nyerere Square ndipo panapojaribu watu. Kuna mwaka 1973, TANU ilipoamua makao makuu yahamie Dodoma na mamlaka ya kuustawisha mji, CDA, ikaundwa. Kuna 1996, Bunge lilipohamia. Kuna 2016, serikali ilipotangaza kuhamia kwa kishindo. Kuna 2017, CDA ilipovunjwa, na 26 Aprili 2018, Dodoma ilipotangazwa kuwa jiji. Ukizisoma mfululizo umepoteza kikundi kabla ya kufika 1996.

Mimi huchagua miwili, 1973 na 2016, na kuuweka muda ulio kati yake kwenye miili ya watu. "Nani hapa alizaliwa kabla ya 1973? Simama upande huu. Nani baada ya 2016?" Kama kuna mtoto, anakwenda upande wa pili. "Umbali kati ya hawa wawili ndio muda ambao Dodoma ilikaa ikisubiri." Kisha naeleza sababu ya kuchagua katikati ya nchi: kufikika kutoka pande zote, kuitoa serikali pwani ambako wakoloni waliiweka. Tarehe nyingine zibaki kwenye akiba, mtu akiuliza unazo.

Tukio la karibuni lina nguvu yake pia. Treni ya reli ya kisasa kutoka Dar es Salaam ilianza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024. Mara nyingi mmoja wa kikundi amekuja nayo siku hiyohiyo. Mwulize ametumia saa ngapi njiani, kisha mkumbushe ile misafara ya kituo cha kwanza.

## Maswali ya kushika masikio

9. "Swali linalotembea" ni nini, na lina faida gani?

Ni swali linaloulizwa mwisho wa kituo na kujibiwa kwenye kituo kinachofuata, kama lile la mji mkavu katika jibu la 6. Kati ya vituo ndipo kikundi hukatika: wawili wanaanza kuongea habari za ofisini, mmoja anapokea simu, wengine wanabaki kwenye duka la vitenge. Wakiwa na swali la kubishania, wengi hutembea pamoja na kulijadili.

Swali zuri la kutembea lina sifa tatu. Linajibika kwa kufikiri, bila kuhitaji kuwa umesoma. Lina majibu zaidi ya moja yenye mantiki. Na njia yenyewe inatoa dokezo. Kutoka soko la Majengo huwa nauliza: "Mmeona nini sokoni ambacho kimekaushwa, na kwa nini kimekaushwa?" Wameona mlenda mkavu, wameona ubuyu, wameona zabibu kavu. Wakifika kituo kinachofuata wameshagundua wenyewe kwamba chakula cha nchi ya mvua za miezi michache lazima kijue kungoja. Halafu ninawatatiza kidogo: zabibu mbichi za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka. Inakuwaje kwenye nchi kavu? Jibu ni kwamba ukavu na jua ndivyo vinavyouepusha mzabibu na magonjwa ya ukungu, na mkulima huuamsha kwa kuupogoa na kuumwagilia.

10. Nikiuliza, wote wananyamaza. Nifanyeje?

Kwanza, hesabu moja hadi tano kimoyomoyo kabla ya kufungua mdomo. Mwongozaji anayeanza hujibu swali lake baada ya sekunde moja, na akifanya hivyo mara mbili, kikundi kinajifunza kwamba hakitakiwi kujibu.

Pili, angalia umeuliza swali la namna gani. "Nani anajua reli ilifika mwaka gani?" ni mtihani, na mtu mzima hataki kufeli mbele za watu. "Ungetoza nini?" halina kufeli. Tatu, wape dakika nusu wazungumze wawili wawili. Aliyekwisha kulisema jibu lake kwa jirani hulisema kwa wote kwa urahisi zaidi.

Na acha kabisa "Kuna swali?" katikati ya kituo. Ukimya unaofuata unavunja kila ulichojenga.

11. Kikundi kina wazee na vijana pamoja. Maswali yaende kwa nani?

Vijana wetu wengi hawatajibu mbele ya wazee, na mzee hapaswi kuulizwa kama mwanafunzi. Kwa hiyo kijana mpe swali la jicho: "Unaona nini pale juu?" Mzee mpe swali la ushuhuda, baada ya shikamoo: "Mzee, ulipofika Dodoma mara ya kwanza, hapa palikuwaje?" Nimewahi kupewa na mama mmoja, pale karibu na stesheni, maelezo ya jinsi walivyokuwa wakisubiri treni usiku na taa za chemli, na sikuhitaji kusema lolote kwa dakika nne. Nilimkatia tu kwa upole alipoanza habari za wajukuu: "Asante sana mama, hilo la taa ndilo tunaondoka nalo."

## Jua, upepo na kelele

12. Nisimame wapi, na kikundi kisimame wapi?

Hili ndilo swali ambalo wengi hawaliulizi mpaka waumie. Kuna kanuni mbili. Ya jua: kikundi kisilitazame jua, bora ulitazame wewe. Ya upepo: upepo ukupige mgongoni, uichukue sauti yako kuwapelekea wao. Ukisimama upande upepo unakokwenda, unapiga kelele na wanaona midomo tu.

Dodoma upepo wa kiangazi huvuma zaidi kutoka mashariki na kusini mashariki, na una nguvu kweli. Sasa tazama kinachotokea. Asubuhi saa mbili unusu, ukisimama mashariki mwa kikundi, upepo uko mgongoni pako, lakini jua nalo liko mgongoni pako, na wao wanakunja nyuso. Ukihamia magharibi, jua linakupiga wewe, ila sauti inarudi kinywani. Asubuhi kanuni mbili zinagombana. Jioni zinapatana: saa kumi jua liko magharibi, wewe unasimama mashariki, upepo mgongoni, na wao jua liko nyuma yao. Ndiyo maana matembezi yangu huanza saa kumi jioni na kuisha saa kumi na moja unusu, kukiwa bado na mwanga.

Ukilazimika kwenda asubuhi, anza saa moja, upepo mara nyingi haujashika nguvu. Baada ya hapo tegemea kivuli cha mti au ukuta: kikundi kikiwa kivulini, jua halina neno tena, na unabaki kufuata kanuni ya upepo peke yake. Saa sita hadi saa tisa usiongoze. Mbali na joto, kiangazi ndiyo saa za chamchela, na vumbi likishaingia machoni hakuna hadithi inayosikika.

13. Nitumie kipaza sauti?

Kikundi kisichozidi kumi na watano hakihitaji. Waambie wakae nusu duara, wa mbele wasizidi hatua mbili kutoka kwako. Zaidi ya hapo, spika ndogo ya kiunoni inasaidia, lakini iweke sauti ya chini. Sokoni usiitumie kabisa. Pale ni mahali pa watu kutafuta riziki, na sauti yako ikizidi ya muuza nyanya, umemharibia. Maelezo ya soko yamalize kabla ya kuingia. Ndani wape watu kazi ya kuangalia (jibu la 9) na wanunue chochote.

14. Nitajuaje kwamba nimeshawachosha?

Tazama miguu kabla ya nyuso. Uso wa mstaarabu utatabasamu hadi mwisho, lakini mwili unahamia mguu mmoja, kisha mwingine. Halafu nusu duara inabomoka upande mmoja, na wa nyuma wanaanza kuongea wao kwa wao. Kivuli nacho kina dalili: watu wakianza kusogea kukifuata bila wewe kusema, umekaa zaidi ya ulivyopanga. Ukiona mbili kati ya hizi, ruka moja kwa moja hadi swali la mwisho na uondoke. Usiombe radhi wala kusema "nilikuwa na mengi ya kuwaambia".

## Mambo ya pembeni

15. Mtu ananipinga mbele ya kikundi.

Kama ni juu ya simulizi, mshukuru na umpe nafasi alisimulie la kwake. Kama ni juu ya tarehe na una uhakika, irudie mara moja kwa utulivu na uendelee. Kama huna uhakika, sema utahakikisha, na utume ujumbe kwenye kundi la simu jioni hiyohiyo. Niliwahi kusahihishwa matamshi ya neno la Kigogo na bibi aliyekuwa anauza karanga, wala hakuwa kwenye kikundi changu. Nilimwomba alitamke mara tatu, sote tukamfuata. Tangu hapo nikipita na kikundi namsalimia kwanza.

16. Msafara wa kiongozi unapita, au adhana inaanza. Niendelee?

Usiendelee. Huu ni mji wa serikali, na ving'ora havikosekani. Nyamaza, wasogeze watu pembeni mwa barabara, zuia simu zisirekodi, subiri. Dakika mbili za ukimya hazivunji kitu; kushindana na king'ora ndiko kunakovunja. Adhana nayo ikianza, simamisha maneno mpaka iishe. Ukijua saa za swala unaweza kupanga wakati huo muwe mnatembea.

17. Picha je?

Sheria yangu inatajwa mwanzoni, pale stesheni: hakuna picha za askari, za walinzi, wala za majengo ya serikali na miundombinu ya reli bila kuuliza. Sokoni hakuna picha ya mtu bila idhini yake. Nyerere Square ndipo ninapowapa nafasi, na ninaigeuza kuwa swali: "Kabla ya kupiga picha, itazameni sanamu ya Mwalimu kwa nusu dakika. Amevaa nini, ameshika nini, anatazama wapi?" Wanapiga picha wakiwa tayari wameiona.

18. Wageni huleta utani kuhusu Wagogo na kuombaomba. Niitikie?

Hapana, na usiuanzishe kamwe, hata kama wewe ni Mgogo. Ukame na njaa zilizoikumba Ugogo ni mambo ya kweli yaliyoumiza familia za watu waliosimama mbele yako. Jibu langu ni kurudi kwenye kituo cha kwanza: "Mnakumbuka nani alikuwa anamlipa nani kisimani?" Kisha naendelea.

19. Mvua ikinyesha?

Kati ya Desemba na Aprili uwe na kibaraza kimoja ulichokiombea ruhusa mapema karibu na kila kituo. Usivuke korongo lenye maji yanayokimbia, hata likionekana la kifundoni. Lakini manyunyu mepesi ni wakati mzuri kuliko wote wa simulizi la jina: waonyeshe tope kwenye viatu vyao, kisha uitishe, "Hadithi, hadithi!"

20. Kuna watoto kikundini.

Wape kazi. Mmoja awe mshika saa wa kituo, akuonyeshe vidole vitano dakika tano zikifika. Mwingine awe wa kuitikisha salamu. Na swali linalotembea waulize wao kwanza mkifika. Mtoto wa darasa la tatu ndiye aliyewahi kunijibu vizuri zaidi kuhusu mji mkavu uliozama: "Tembo alikwenda pale kwa sababu hapakuwa na maji kwingine."